Tanki la lita elfu tano linatoa lita ngapi, na kwa siku ngapi

Tanki letu ni la kawaida kabisa: simtanki jeusi la plastiki, limekaa juu ya msingi wa tofali nyuma ya jiko, na ubavuni limeandikwa lita 5,000. Tunaishi Goba, Dar es Salaam, upande wa mlimani, ambako maji ya bomba yakizidiwa na mwinuko huwa hayatufikii hata kama wenzetu wa bondeni wanafungulia na kufunga wapendavyo. Kwa hiyo swali la nyumba yetu halijawahi kuwa kama maji yapo au hayapo. Swali ni hili: yaliyomo humo yatatufikisha lini?

Jibu ambalo wengi hulitoa ni kuchukua ile 5,000 na kuigawa kwa lita wanazodhani wanatumia kwa siku. Namba zote mbili huwa na kasoro. Ile ya kwanza ni ujazo wa chombo kizima mpaka shingoni, si maji yatakayotoka bombani. Ya pili mara nyingi ni ya kubuni. Mimi nilianza na ya kwanza.

Tanki la duara lina shida moja ya kupima: ukitaka nusu kipenyo lazima ujue katikati ni wapi, na katikati hakufikiki. Kupima juu kwa macho, kutoka ukingo hadi ukingo, kunaweza kukupoteza kwa sababu mfuniko si lazima uwe katikati na mabega yamejikunja. Njia rahisi ni kulizungushia kitu. Futi ya fundi ujenzi ya mita tano haikutosha kuzunguka, na kamba ya manila inavutika, kwa hiyo nilitumia waya wa kufungia nondo. Tanki hizi zina mikunjo, na ule mkunjo unajitokeza nje, hivyo waya nilioupitisha ulikaa kwenye bonde kati ya mkunjo na mkunjo, karibu na ukuta halisi unaoshika maji. Nikaukata pale ncha zilipokutana, nikaunyoosha sakafuni, nikaupima. Mita 5.65.

Baada ya hapo ni hesabu ya darasa la saba, ile ya mcheduara, na kijana wangu aliyekuwa anajiandaa na mtihani aliifanya haraka kuliko mimi. Mzingo ukiugawa kwa pai unapata kipenyo: 5.65 gawanya kwa 3.14 ni mita 1.80. Nusu yake ni 0.9. Nusu kipenyo mara chenyewe ni 0.81, mara 3.14 ni mita za mraba 2.54. Hilo ndilo eneo la uso wa maji ukilitazama tanki kutoka juu.

Kijana alitaka kuendelea mpaka mwisho, azidishe kwa kimo apate ujazo wote. Nikamwambia asimame hapo hapo, kwa sababu namba ninayoitumia kila siku ni ya sentimita moja. Maji yakishuka sentimita moja, yaliyotoka ni mita za mraba 2.54 mara mita 0.01, yaani mita za ujazo 0.0254. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo sentimita moja ya tanki letu ni lita 25.4, ndoo moja kubwa na robo hivi. Kwa kuwa tanki limesimama wima na kuta zake zimenyooka, sentimita ya juu na ya chini zina maji sawa. Namba hiyo niliiandika kwa rangi nyeupe kwenye ubavu wa tanki na bado ipo.

Kisha nikaangalia maji yanaanzia wapi na kuishia wapi. Kutoka sakafu ya tanki hadi begani, pale linapoanza kujikunja, ni sentimita 190. Hizo mara 25.4 ni lita 4,826, na zilizobaki mpaka kukaribia 5,000 zimo kwenye kuba la juu. Aliyeandika 5,000 hakudanganya. Ila boya langu linafunga maji yakifika sentimita 185, kwa hiyo kuba halijazwi kamwe. Na chini, mdomo wa bomba la kutoa uko sentimita 10 juu ya sakafu, ili uchafu unaotuama usivutwe kwenda ndani. Sentimita hizo 10 ni lita 254 ambazo ziko ndani ya tanki lakini bombani hazitoki. Kuzifikia ni kuinamisha tanki au kuingiza mpira, na zikitoka zina rangi ya chai ya maziwa.

Yanayotumika basi ni kutoka 185 mpaka 10: sentimita 175. Mara 25.4, ni lita 4,445. Tanki la elfu tano linanipa elfu nne na mia nne na kidogo, na halina ubovu wowote.

Kwa upande wa matumizi, nilikuwa nimeshasikia makadirio ya kila aina. Umoja wa Mataifa husema lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku ndizo zinazokidhi mahitaji ya msingi, na kwenye misaada ya dharura kiwango cha chini kinachotajwa ni lita 15. Sisi tuko sita. Kwa kipimo hicho tungeweza kuwa tunatumia lita 90 au 600, na tofauti hiyo ni kubwa mno kupangia kitu. Kuhesabu ndoo nako hakuwezekani nyumba ikiwa na bomba ndani, maana hakuna anayechota.

Lakini tanki lenyewe ni kipimo. Kinachotakiwa ni kuona maji yako wapi bila kupanda juu kila siku. Wapo wanaogonga ubavu na kusikiliza sauti inapobadilika, na inasaidia kwa kukisia, ila haikupi sentimita. Mimi nilimwomba fundi bomba aweke tii kwenye bomba la kutoa, karibu kabisa na tanki, kisha achomeke mpira mwangavu, ule mafundi wanaoutumia kupimia usawa wa msingi. Mpira unasimama wima pembeni ya tanki, umefungwa kwenye ubao, na juu uko wazi. Maji ndani ya mpira hukaa usawa uleule wa maji ndani ya tanki. Ubaoni nikachora sentimita, sifuri ikiwa usawa wa sakafu ya tanki na si usawa wa msingi wa tofali. Jambo moja la kuangalia: ukisoma wakati mtu anaoga au anajaza ndoo, maji ya mpirani hushuka kidogo kuliko ya tanki kwa sababu ya mwendo kwenye bomba. Funga koki kwanza, yatulie, ndipo usome. Na mpira ukianza kuota ukijani, ufunike kwa kitambaa kisichopitisha mwanga.

Nilisoma saa kumi na mbili asubuhi, kabla nyumba haijaamka vizuri, na kusoma tena kesho yake saa ileile, siku ambazo bomba la mtaani halikuleta kitu. Maji yalishuka karibu sentimita 21. Hizo ni zaidi ya lita 530. Mama watoto alitazama ubao akasema, "Hayo maji hatuyatumii sisi. Labda wewe unaoga usiku."

Hoja yake ilikuwa ya maana, kwa sababu kuna saa ambazo hakuna anayetumia maji, na saa hizo ndizo za kulikagua tanki. Saa nne usiku, watu wakiwa wamelala, nilisoma. Saa kumi na moja alfajiri nikasoma tena. Zilikuwa zimeshuka sentimita 2. Kwa macho ni kitu kidogo sana. Kwa hesabu ni lita 51 zilizokwenda nyumba ikiwa imelala, na kama mvujo ule unaendelea mchana kutwa, ndani ya saa 24 unafika sentimita 7, yaani lita zaidi ya 170. Theluthi ya maji yetu yote.

Bomba hazikuwa zikidondosha na ukutani hapakuwa na unyevu. Maji ya namna hiyo mara nyingi hupitia chooni, kwa sababu tanki la kuflashi likivuja huvujia ndani ya bakuli na kuteleza kwenye ukuta wa bakuli bila kelele. Kipimo chake ni bluu ya kufulia. Unakoroga kidogo kwenye tanki la choo, hauflashi, unasubiri nusu saa. Choo cha kwanza kilibaki cheupe. Cha pili bakuli lilikuwa na mchirizi wa bluu mwembamba upande wa nyuma. Raba ya chini, ile inayoziba tundu, ilikuwa imekakamaa na kupinda ukingoni. Ilibadilishwa siku hiyohiyo, na usiku uliofuata mstari wa mpira haukusogea.

Baada ya hapo wiki yetu ikaonyesha sura yake halisi. Siku za kazi maji hushuka sentimita 13. Jumamosi, siku ya kufua, hushuka 21. Jumapili 12. Jumla ya wiki ni sentimita 98, wastani wa 14 kwa siku, ambazo ni lita 355, au lita 59 hivi kwa kila mmoja wetu. Bili ya mwezi iliyofuata ilikubaliana na ubao: ilisoma uniti 11, na uniti moja ni mita moja ya ujazo, lita 1,000. Lita 355 kwa siku 30 ni 10,650. Mita na mpira vikisema kitu kimoja, namba hiyo unaweza kuiamini.

Sasa siku. Sentimita 175 gawanya kwa 14 ni siku 12 na nusu. Ukiangalia vizuri utaona kwamba hapo sikutumia pai, wala lita. Tanki lililosimama wima linaweza kukupa jibu la siku kwa sentimita peke yake: zilizobaki juu ya mdomo wa bomba, gawanya kwa zinazoshuka kwa siku. Mtu asiyejua hesabu ya duara anaweza kulipata jibu hilo kwa fimbo kavu na mkaa. Kabla ya kubadilisha raba, hesabu hiyohiyo ilitoa siku 8 tu. Kile kipande cha raba kilikuwa kinakunywa siku nne.

Wastani nao usiuamini kupita kiasi. Tanki likijaa Jumapili jioni na bomba likakauka, Jumatatu mpaka Jumapili inayofuata tunakula 98, zinabaki 77. Siku tano za kazi tena ni 65, zinabaki 12. Jumamosi ya pili inataka 21. Kwa hiyo maji yanakata wakati nguo zimeshafuliwa lakini hazijasuuzwa, na hakuna wakati mbaya zaidi wa bomba kukoroma. Siku hizi tukiona ubao unaelekea huko, kufua kunasogezwa au kunapunguzwa mapema.

Pai huhitajika pale unapotaka kulinganisha tanki na kitu kingine: bei, boza, au tanki jingine. Jirani yetu wa juu kidogo, mama mmoja mstaafu, aliamua kujenga tanki la tofali la duara. Fundi wake alimwandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji: upana mita 2, kimo mita 2, 3.14 mara 2 mara 2 mara 2, sawa na 25. "Lita elfu ishirini na tano, mama. Utasahau mgao." Nyumba yake inatumia lita 300 hivi kwa siku, kwa hiyo alikuwa anahesabu karibu miezi mitatu.

Aliniita nione. Sikumwonyesha kanuni yoyote. Nilimuuliza tu kuhusu boksi. Tanki lenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 linaingia lote ndani ya boksi la mita 2 kila upande. Boksi hilo lina mita za ujazo 8, lita 8,000. Kitu kinachoingia ndani ya boksi la lita 8,000 kinawezaje kubeba 25,000? Fundi alikuwa ametumia kipenyo badala ya nusu kipenyo, na kwa kuwa namba hiyo huzidishwa yenyewe kwa yenyewe, kosa la mara mbili lilizaa mara nne. Jibu la haki ni 3.14 mara 1 mara 1 mara 2, lita 6,280. Duara huchukua robo tatu na ushee ya boksi lake. Ukizidisha upana kwa upana kwa kimo, kisha mara 0.785, unafika palepale bila kutafuta nusu kipenyo, na ndiyo njia ninayompa mtu anayeogopa kanuni.

Nilidhani tumemaliza, mpaka nilipoona kigingi na kamba pale chini. Duara la mita 2 lililochorwa kwenye udongo lilikuwa la nje ya ukuta. Tofali za kusimamisha zilikuwa na unene wa sentimita 15, na lipu ya ndani ni sentimita 2. Hizo 17 zinaliwa kila upande, kwa hiyo upana wa ndani unabaki mita 1.66. Nusu yake ni 0.83. Mara yenyewe, mara 3.14, mara mita 2 za kimo, unapata mita za ujazo 4.3. Lita 4,300. Kutoka elfu ishirini na tano tukafika elfu nne na mia tatu, siku 14 badala ya miezi mitatu, na hapo hatujatoa ya chini ya mdomo wa bomba.

Fundi, kwa heshima yake, hakununa. Alipendekeza kuongeza kimo kifike mita 3. Hiyo ingeleta lita 6,500 tu, na ukuta wa chini ungebeba msukumo wa maji ulioongezeka kwa nusu, jambo linalotaka nondo za kuzunguka za kutosha ili usipasuke. Kupanua ndiko kunakolipa. Upana wa ndani ukiwa mita 3 na kimo kikabaki mita 2, ni 3.14 mara 1.5 mara 1.5 mara 2, lita 14,130. Kwa nyumba yake ni siku 47. Msingi ni mkubwa zaidi, tofali na nondo ni nyingi zaidi, lakini kila lita inatoka kwa bei nafuu. Walifuta duara wakachora jingine, na safari hii kamba ilipimwa kutoka ndani.

Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji na Dar ikaingia kwenye mgao mkali, mtaani kwetu tulikaa karibu wiki mbili bila tone. Siku 12 na nusu hazikufika. Nikaagiza maji ya kenta, zile zinazobeba simtanki la lita 2,000 mgongoni na pampu ndogo ya petroli. Nilifunga koki ya kwenda ndani ili mtu asichote wakati tunajaza, nikasoma ubao, na kenta ikaanza kupiga maji. Lita 2,000 gawanya kwa 25.4, mstari ulitakiwa kupanda karibu sentimita 79. Pampu ilipoanza kuvuta hewa, tulisubiri maji yatulie, tukasoma pamoja na dereva. Yalipanda 71. Hizo ni lita 1,803. Karibu ndoo kumi hazipo.

"Mzee wangu, tanki limeandikwa elfu mbili," dereva akasema, akalipiga kofi.

Nilipanda juu ya kenta nikatazama ndani. Hakukuwa na ujanja wowote. Maji yalikuwa yameacha alama ya unyevu chini ya bega, kwa sababu akijaza mpaka shingoni yanamwagika kwenye miteremko ya Goba. Na chini, mdomo wa bomba ulikuwa umeinuka, kwa hiyo kuna maji ambayo hupanda na kushuka mlima pamoja naye kila safari. Ni kasoro ileile ya tanki langu, ila hapa nilikuwa nalipia. Tulikubaliana bei kwa sentimita za ubao wangu na si kwa maandishi ya tanki lake, na alirudi mara nyingine kwa masharti hayo bila ugomvi. Anayenunua maji ya boza bila kipimo chake mwenyewe ananunua maandishi.

Baada ya msimu ule niliamua kuongeza tanki la lita 2,000. Waya ulisema mzingo ni mita 4.08. Kipenyo ni 1.30, nusu ni 0.65, na kwa hesabu ileile sentimita yake moja ni lita 13.3. Nilitaka kuliweka kwenye msingi uleule wa tofali, kimo kimoja na kubwa, kisha yaunganishwe kwa bomba chini.

Fundi bomba alikataa. "Baba, ukiyalinganisha chini, hili dogo ndilo litakuwa mlango wa kumwagia." Yuko sahihi kabisa. Matanki yakiunganishwa kwa chini, maji hukaa usawa mmoja kwenye yote mawili. Dogo lina kimo cha sentimita 150 hivi, kubwa linataka kufika 185. Kabla boya la kubwa halijafunga, maji yangekuwa yanatoka kwenye mfuniko wa dogo. Kinachotakiwa kulingana ni juu, si chini. Tanki dogo tunalijaza mpaka sentimita 130 za kimo chake, kwa hiyo liliinuliwa sentimita 55 zaidi ya kubwa, na 130 zake zikawa usawa wa 185 za ubao.

Hapo ile hesabu rahisi ya sentimita kugawanya kwa sentimita ikaharibika, na hili sikuwahi kusikia mtu akilieleza. Mdomo wa tanki dogo uko sentimita 5 juu ya sakafu yake, yaani usawa wa 60 kwenye ubao wangu. Kutoka 185 kushuka mpaka 60, matanki yote mawili yanatoa kwa pamoja: 25.4 na 13.3, lita 38.7 kwa kila sentimita. Matumizi ya lita 355 kwa siku hapo yanashusha mstari sentimita 9 tu na ushee. Mtu anazoea mwendo huo. Halafu mstari ukipita 60, tanki dogo limekauka, linabaki kubwa peke yake, na lita zilezile 355 zinashusha sentimita 14. Kwa anayetazama mpira, ni kama nyumba imeanza ghafla kutumia maji mara moja na nusu, na mara ya kwanza mama watoto alikwenda kukagua vyoo.

Kwa lita, mambo yanakaa sawa. Sentimita 125 za juu mara 38.7 ni lita 4,838. Sentimita 50 za chini, kutoka 60 mpaka 10, mara 25.4 ni 1,270. Jumla 6,108, gawanya kwa 355, siku 17. Tanki la elfu mbili limeniongezea lita 1,660 hivi za kutumika, siku nne na nusu hivi.

Nilifuta sentimita ubaoni nikachora siku badala yake. Kuanzia juu mpaka 60 mistari imeachana sentimita 9 na milimita 2, chini ya hapo imeachana 14. Mstari mwekundu uko kwenye 52, siku tatu juu ya mdomo wa bomba, kwa sababu wakati wa mgao kenta ikiagizwa leo huenda ikafika kesho kutwa. Pembeni yake mtoto mdogo ameandika AGIZA MAJI.